Mchanganuo wa wahusika na vipande vya usaili kwa waigizaji wa kujitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya vikundi vya Dodoma vinavyoandaa mchezo wa jukwaani na watu wasio na kazi ya uigizaji: wanakwaya, wanafunzi wa vyuo, walimu, watumishi wa wizara, mafundi. Mfano ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, wa kubuni: familia ya Hombolo yenye shamba la zabibu, na kijana anayetaka kuliuza liwe viwanja. Mchezo huo una maonyesho tisa na wahusika tisa.

## Mambo ya mwanzo

Mchanganuo wa wahusika ni nini? Si ile orodha iliyo mwanzoni mwa tamthilia?

Hapana. Orodha ya mwandishi inamweleza msomaji nani ni nani: "Mama Daudi, mjane. Daudi, mwanawe." Mchanganuo unaandikwa na mwongozaji, na unamweleza mtu anayefikiria kuja kwenye usaili mambo mawili: mhusika huyu anafanya nini katika hadithi, na kumwigiza kutamgharimu nini yeye mwenyewe, yaani jioni ngapi za mazoezi, maneno mengi kiasi gani, kama kuna kuimba, kuanguka au kupigwa kofi.

Kwa waigizaji wa kujitolea jambo la pili ndilo zito. Mwigizaji wa kulipwa anajua atadaiwa nini. Mwalimu wa Nkuhungu ambaye hajawahi kupanda jukwaani hajui, na asipoambiwa mapema ataligundua katika wiki ya tatu ya mazoezi, kisha ataacha kuja.

Na kipande cha usaili?

Ni sehemu fupi iliyokatwa kutoka kwenye skripti ili watu waisome mbele ya mwongozaji. Kwa kawaida ni mazungumzo ya wahusika wawili. Hakikatwi ili kuonyesha uzuri wa mchezo. Kinakatwa ili kujibu swali moja ulilonalo kuhusu nafasi hiyo.

Nianze na kipi?

Anza na mchanganuo. Ukishaandika kwamba Mama Daudi "akikasirika anapunguza maneno", tayari unajua unatafuta kipande ambamo anakasirika na maneno yanapungua. Anayekata vipande kwanza huishia kuchagua sehemu anazozipenda yeye.

## Kuandika mchanganuo

Kila mhusika aandikwe vipi?

Kwanza pitia skripti nzima na kalamu, uandike kila mhusika yumo katika maonyesho gani. Kisha andika aya moja kwa kila mmoja. Hii hapa ya Mama Daudi:

> Mama Daudi. Mwanamke, aonekane wa miaka 50 hadi 60. Mjane, mama wa Daudi na Chiku. Anataka shamba libaki kwa familia na pia anataka mwanawe asiondoke nyumbani. Hadi onyesho la 5 anaamini anaweza kupata vyote viwili. Akikasirika anapunguza maneno, hapandishi sauti. Yumo katika maonyesho ya 1, 2, 4, 5, 8 na 9. Ana maneno mengi kuliko wote. Anaongoza wimbo mfupi katika onyesho la 9. Anakaa chini na kuinuka mara kadhaa. Anahitajika kwenye mazoezi siku zote tatu za wiki.

Angalia kwamba sentensi inayoanza na "Anataka" inasema anachokitaka, haisemi ni mtu wa namna gani. Ukiandika "mama mpole, mvumilivu, mwenye busara", watu watakuja wakiwa wamevaa upole usoni na utausikiliza asubuhi nzima. Ukiandika anachokitaka, kila mmoja atakuja na njia yake ya kukitafuta, nawe utakuwa na cha kuchagua.

Karani wa ardhi anayeonekana mara moja hahitaji aya ya namna hii. Mistari miwili inatosha.

Niandike umri gani?

Andika umri anaotakiwa kuonekana nao, na uupe nafasi ya miaka kumi hivi. Jumba lenye viti mia moja halioni mikunjo ya uso. Linaona jinsi mtu anavyotembea, na linasikia anavyosema. Mwanamke wa miaka 38 mwenye utulivu anaweza kabisa kuwa Mama Daudi. Ila pima umri wa wahusika wawiliwawili: mama na mwanawe wakionekana rika moja, watazamaji watatumia onyesho zima la kwanza wakijiuliza kama ni mke na mume.

Je, nitaje kabila, rangi au umbo?

Taja tu pale hadithi inapovunjika bila kitu hicho. Familia ya mfano wetu ni ya Wagogo, lakini hakuna neno katika mchezo linalomtaka mwigizaji awe Mgogo, na nusu ya watu watakaokuja watakuwa wamehamia Dodoma kutoka mikoa mingine. "Awe mwembamba" au "awe mzuri wa sura" futa. Mara nyingi maneno hayo ni picha iliyo kichwani mwa mwongozaji, haimo kwenye skripti, na yanamfukuza mtu bora kabla hujamsikia.

Lafudhi nayo usiipime kwenye usaili. Ukimwambia mtu asome "kama Mgogo wa kijijini", atakuletea mzaha, na watu wa Hombolo watakaokaa mbele watajiona wanachekwa. Kama mchezo una salamu ya "mbukwa", hiyo inafundishwa mazoezini na mtu anayekisema Kigogo.

Mtu mmoja anaweza kubeba nafasi mbili? Nitajuaje?

Chora jedwali: wahusika kwa chini, namba za maonyesho kwa juu, weka alama kila mtu anapokuwapo. Sheria ni moja: kati ya kutoka kwa mhusika wa kwanza na kuingia kwa wa pili liwepo angalau onyesho zima, ili mtu apate muda wa kubadili nguo na kupumua.

Katika mfano wetu mnunuzi yumo katika maonyesho ya 3 na 7, jirani wa kwanza katika ya 1, 5 na 9. Wanapishana vizuri, kwa hiyo mtu mmoja anatosha. Mwenyekiti wa mtaa yumo katika 5 na 8, karani wa ardhi katika 6. Kwa haraka unaona nafasi mbili ndogo za watu wa ofisi na unataka kuziunganisha, lakini la 5 na la 6 zinafuatana, hakuna muda. Karani anakwenda kwa jirani wa pili, aliyemo katika 1 na 9 tu. Hivyo wahusika tisa wanabebwa na waigizaji saba. Andika hilo ndani ya mchanganuo: "Mnunuzi na Jirani wa kwanza ni mwigizaji mmoja." Mtu akiambiwa baada ya kuchaguliwa huona ameongezewa mzigo.

Ratiba ya mazoezi iingie kwenye mchanganuo?

Iingie, na ikae juu kabisa, kabla ya jina la mhusika wa kwanza. Andika siku, saa, mahali, na wiki ambazo haziwezi kukosekana, hasa mbili za mwisho. Andika pia kama kuna nauli au hakuna. Kwenye usaili mpe kila mtu fomu yenye swali hili: "Tarehe zipi hutakuwepo?" Usiulize "Je, una nafasi?" maana kila anayetaka kuigiza atajibu ndiyo.

Dodoma ina kalenda yake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na kipindi hicho mtumishi wa wizara kule Mtumba anaweza kuitwa ofisini hata Jumamosi jioni. Mvua zikianza Desemba, wa Hombolo na Bahi wako shambani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wana mitihani, na wakishamaliza wanaondoka mjini. Hakuna mwezi ulio wazi kwa wote, kwa hiyo fomu ndiyo inayokuonyesha nani anaweza kubeba nafasi kubwa na nani apewe ya maonyesho mawili.

## Kuchagua na kuandaa vipande

Kipande kizuri kinatambulikaje?

Kina mgeuko. Mahali fulani katikati mmoja anajua jambo ambalo hakulijua mwanzoni, na kuanzia hapo hawezi kuendelea vilevile. Usaili unakuonyesha kama mtu ameusikia mgeuko huo. Hiki ndicho kipande cha Mama Daudi na Daudi, kutoka onyesho la 4:

> *Jikoni, jioni. Mnunuzi ametaka shamba. Mama amekataa mara mbili. Daudi amerudi kutoka mjini.*
>
> MAMA DAUDI: Umekula?
> DAUDI: Nimekula mjini.
> MAMA DAUDI: Kaa basi, unywe hata chai.
> DAUDI: Mama, yule mzee wa viwanja amenipigia tena.
> MAMA DAUDI: Mwambie mama anamsalimia.
> DAUDI: Anasema bei hiyo haitarudi.
> MAMA DAUDI: Na mizabibu ya baba yako itarudi?
> DAUDI: Imetupa nini mizabibu hiyo? Mwaka jana tumeuza kwa bei ya kutupa.
> MAMA DAUDI: Imekusomesha.
> DAUDI: Hatuwezi kusubiri tena, mama.
> MAMA DAUDI: Kwa nini?
> DAUDI: Amenipa kianzio.
> MAMA DAUDI: Shilingi ngapi?
> DAUDI: Mama…
> MAMA DAUDI: Nimekuuliza shilingi ngapi.
> DAUDI: Milioni mbili.
> MAMA DAUDI: Ziko wapi?
> DAUDI: Nimelipa deni la pikipiki.
> MAMA DAUDI: Kunywa chai yako. Inapoa.

Mgeuko uko kwenye "Amenipa kianzio". Msikilize anayesoma Mama Daudi hapo. Je, "Shilingi ngapi?" imetoka tofauti na "Kwa nini?" iliyotangulia, au yote mawili yamesomwa kwa mdundo mmoja? Kisha sikiliza mstari wa mwisho. Atakayepiga kelele kwenye "Kunywa chai yako" hajaona kwamba mama ameshamaliza kuongea na mwanawe kwa usiku huo. Kwa Daudi, sikiliza kama neno "kianzio" limemgharimu chochote kulitoa.

Kabla ya kukisoma na watu, kisome wewe kwa sauti na mwenzako. Kama baada ya kusoma huwezi kusema mgeuko ulikuwa wapi, tafuta kingine.

Kwa nini nisitumie onyesho la kilio, ambako hisia zimejaa?

Kwa sababu mtu asiye na uzoefu akiambiwa alie ataonyesha kulia, na wote watafanana. Pia onyesho la kilele limebebwa na maonyesho yote yaliyolitangulia, na anayesoma ukurasa mmoja hana mzigo huo mgongoni. Chukua sehemu ya katikati ya mchezo, ambamo watu wanaficha zaidi kuliko wanavyosema. Kilele kiache kwa ajili ya mazoezi.

Kiwe kirefu kiasi gani, na kichapwe vipi?

Kisomeke kwa dakika moja na nusu hadi mbili, yaani ukurasa mmoja na kidogo. Kipande cha kurasa nne hakikuonyeshi zaidi ya hicho, maana ndani ya dakika ya kwanza utakuwa umeshasikia sauti na kuona kama mtu anamsikiliza mwenzake.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, kila msemaji aanzie mstari mpya. Juu weka sentensi chache fupi za kueleza wako wapi na nini kimetokea. Maelekezo ya jukwaani kama "kwa hasira" au "akitabasamu kwa uchungu" yaondoe. Yakibaki, mtu atayaigiza hayo badala ya kumjibu aliye mbele yake. Usimpe mtu kitabu kizima na kumwambia "anzia hapo kwenye alama". Atapoteza mstari mara tatu na utamhukumu kwa kosa la karatasi.

Kama tamthilia ni ya mwandishi mwingine, ruhusa ya kuiigiza na kuinakili iombwe kabla ya kwenda steshenari. Haki ya mwandishi haipungui kwa sababu kundi ni la kujitolea.

Nivitume mapema au niwape siku hiyohiyo?

Tuma siku tatu kabla, kwenye kundi la WhatsApp au kwa karatasi iliyoachwa mahali panapojulikana. Kusoma kitu usichokijua mbele ya watu ni ustadi wa peke yake, na haumo kwenye onyesho lolote la mchezo wako. Ukiwapa siku hiyohiyo utawachagua waliozoea kusoma kwa sauti: walimu, wasoma masomo kanisani, watangazaji.

Wiki nzima nayo ni ndefu mno. Wengine watakariri kipande na kukiganda kwa namna moja, na swali la kusoma mara ya pili litawashinda.

## Siku ya usaili

Watu 24 watachukua muda gani?

Wasomeshe wawiliwawili. Kusoma dakika mbili, maelekezo dakika moja, kusoma tena dakika mbili, kubadilishana dakika moja: jumla sita kwa jozi. Jozi 12 ni dakika 72. Kila mtu aingie mara mbili, na mwenza tofauti kila mara, kwa hiyo zidisha kwa mbili: saa mbili na nusu hivi. Ukianza saa tatu asubuhi, saa tano na nusu umemaliza. Waliotoka mbali waweke mwanzoni, warudi mapema.

Mwenza tofauti si anasa. Mtu akisoma vibaya na jirani asiyemtazama, hujui kosa ni la nani.

Kwa nini asome mara ya pili? Mara ya kwanza nimeshamsikia.

Hapa ndipo penye uamuzi. Usomaji wa kwanza unakuonyesha alichokiandaa nyumbani. Wa pili unakuonyesha kama anaweza kuongozwa, na wiki nane za mazoezi ni kuongozwa tupu.

Mpe ukweli mpya wa hadithi, usimpe hisia. Usiseme "soma kwa uchungu zaidi." Mwambie anayesoma mama: "Mara hii umeshaambiwa na jirani tangu asubuhi kwamba Daudi amepokea fedha. Unasubiri aseme mwenyewe." Mwambie Daudi: "Chiku amelala chumba cha pili, hutaki aamke." Usiongeze neno.

Sasa "Umekula?" haiwezi kuwa ileile. Anayebadilika tangu mstari huo wa kwanza mwandikie alama nzuri, hata kama sauti yake ni ndogo, maana sauti inakuzwa kwa mazoezi. Anayesoma tena vilevile, ila kwa nguvu zaidi, hajakusikia. Mrudishie maelekezo kwa maneno mepesi zaidi mara moja. Huenda ni woga. Ikibaki vilevile, fikiria nafasi isiyotegemea mabadiliko, kama karani.

Wengi wanatoka kwaya na ngonjera, wanasoma kama wanahutubia. Niwakatae?

Usiwakatae. Wana pumzi, wanasikika hadi nyuma, na wanakuja mazoezini kwa wakati. Shida ni kwamba wamezoea kupeleka neno kwa hadhira, na hapa neno linapelekwa kwa mtu mmoja. Waketishe wawili wakitazamana, magoti karibu kugusana, waambie kila mmoja asifungue kinywa kabla ya kumtazama mwenzake. Wengi mahubiri hupungua papo hapo. Asiyepungua hata hivyo anaweza kuwa mwenyekiti wa mtaa mzuri sana.

Nani awe msomaji mwenza idadi isipogawanyika?

Mtu mmoja wa kundi ambaye hashindanii nafasi, asome kwa utulivu bila kuigiza. Asiwe mwongozaji: huwezi kufuata mstari kwenye karatasi na wakati huohuo kumtazama mtu usoni.

Aliyekuja hasomi vizuri. Nifanye nini?

Mchukue pembeni dakika kumi, msaidizi amsomee kipande mstari kwa mstari naye arudie. Kisha aingie na mwenza, azungumze kwa maneno yake mwenyewe akifuata mpangilio: salamu, simu ya mnunuzi, kianzio, deni. Utakosa maneno ya mwandishi lakini utaona mgeuko, na huo ndio ulioufuata. Mpe nafasi akiwa na mtu nyumbani wa kumsaidia kukariri. Swali hilo liwe kwenye fomu ya kila mtu ili asijione ametengwa.

## Hali za pekee

Chiku ana miaka 15. Nichukue mtoto wa umri huo?

Kwa sheria ya Tanzania kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi akubali kwa maandishi, na awepo yeye au mtu mzima aliyemtuma. Usaili wake ufanyike wazi, kamwe asiwe peke yake chumbani na mwongozaji. Kipande chake kiwe cha mambo anayoyajua. Chiku akimwomba mama ada kinatosha. Ukiona mazoezi yanaisha saa mbili usiku na nyumbani ni mbali, tafuta msichana wa miaka 19 mwenye umbo dogo.

Wamekuja wanawake 18 na wanaume sita. Mchezo unadai wanaume wanne na mvulana mmoja.

Rudi kwenye jedwali. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa mwanamke bila kugusa hadithi, karani pia. Mjomba Ndahani hawezi, kwa sababu anasema kwa haki ya kaka wa mama, na onyesho la 8 lote linasimama juu ya haki hiyo. Fanya uamuzi huu kabla ya usaili na uandike "mwanamke au mwanamume" kwenye mchanganuo, ili wanawake waje wameandaa nafasi hizo.

Onyesho la 9 lina wimbo na ngoma. Nipime vipi?

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, na haijifunzwi kwa wiki mbili. Wapigaji tafuta wenyewe wanaoijua, wawe nje ya nafasi za maneno. Kwa Mama Daudi pima jambo dogo: aimbe ubeti mmoja wowote anaoujua bila ala, kisha umwitikie. Unataka kusikia kama anashika ufunguo wake watu wakijibu.

Wawili wako sawa kabisa. Nimchague nani?

Waite tena, kila mmoja na Daudi uliyekwisha kumchagua, mara moja. Unachotazama sasa ni jozi. Wakibaki sawa, fungua fomu zao za tarehe.

Niliyemchagua amejitoa wiki ya pili.

Ndiyo maana siku ya usaili unaandika karibu na kila jina nafasi ya kwanza na ya pili zinazomfaa, pamoja na sentensi moja ya ulichokiona: "Alibadilika tangu mstari wa kwanza." Mpigie wa pili siku hiyohiyo. Mweleze wazi kwamba nafasi imeachwa na mwenzake, kisha mtumie ratiba iliyobaki kabla hajajibu ndiyo.